Fundi wa Kuchaji Simu Ndiye Alisimamisha Mauzo Yangu: Chora Ramani ya Wadau Kabla Hujaleta Bidhaa Mpya

Hii ni ndefu kidogo, kaa vizuri usome mpaka mwisho, maana mimi imenigharimu hela.

Mwaka juzi nilileta taa za sola 20 hapa Mashewa. Zile ndogo, zenye paneli yake na sehemu ya kuchajia simu. Nilinunua kwa 28,000 kila moja, kwa hiyo mtaji ulikuwa 560,000. Nikapanga kuuza 40,000 kwa mafungu: unaanza na 10,000, halafu unalipa 5,000 kila wiki kwa wiki 6. Picha nikaziweka stetasi ya WhatsApp, nikaongea na akina mama wa vikoba, nikalenga vitongoji ambavyo nguzo za umeme zilikuwa hazijafika. Wiki tatu za mwanzo nikauza 11. Nikajiona nimeshatoka.

Wiki ya nne sikuuza hata moja. Halafu kati ya wale 11, wanne wakaacha kulipa mafungu. Nikashusha bei, hamna kitu. Nikapiga picha nzuri zaidi, hamna kitu.

Kilichonishtua ni maneno. Ndani ya siku chache watu watatu wa vitongoji tofauti waliniuliza swali lilelile, karibu kwa maneno yaleyale: "Nasikia betri yake ikifa ndiyo basi, haifunguki?" Jifunze hapa. Swali moja likitoka kwa mtu mmoja, ni swali la mteja. Swali lilelile likitoka kwa watu watatu wasiokaa pamoja, kuna mtu mmoja analisambaza.

Mtu huyo alikuwa fundi anayechajia watu simu kwa 300. Hakuwa na ubaya na mimi. Nilikuwa nimemkata riziki bila kujua. Ntarudi kwake huko chini, ila kwanza nikuoneshe chombo ambacho ningekuwa nacho siku ile, ningemuona mapema.

MASWALI MAWILI, VYUMBA VINNE

Makampuni makubwa yakitaka kuingiza bidhaa kwenye jamii fulani huchora ramani ya wadau. Anayetajwa sana kwa ramani hii ni mtaalamu mmoja anaitwa Aubrey Mendelow. Usiogope, inatosha kwenye karatasi ya daftari.

Mdau siyo mteja peke yake. Ni yeyote anayeweza kuisukuma au kuizuia bidhaa yako, na yeyote ambaye bidhaa yako itambadilishia maisha. Ukishaandika majina yao, kila jina unaliuliza maswali mawili.

Swali la kwanza ni la nguvu: huyu akisema "hapana" leo, mauzo yangu yanasimama? Nguvu siyo cheo tu. Mtendaji wa kijiji ana nguvu ya ofisi, lakini mama ambaye kikoba kizima kinamsikiliza naye ana nguvu, japo hana mhuri.

Swali la pili ni la kuguswa: bidhaa yangu ikishika, kwa huyu kuna hela, muda au heshima itakayoongezeka au kupungua? Angalia hapo, nimesema kuongezeka AU kupungua. Watu wengi tunahesabu wanaofaidika tu.

Sasa chora mraba, ugawe vyumba vinne. Mwenye nguvu kubwa na anayeguswa sana, huyo unakaa naye karibu na unaamua naye. Mwenye nguvu kubwa lakini haguswi sana, unamridhisha ili asije akashtuka. Mwenye nguvu ndogo lakini anaguswa sana, unampa taarifa na unamsikiliza. Asiye na nguvu wala haguswi, unamtupia jicho mara mojamoja, inatosha.

Hiyo ndiyo ramani yote. Lakini kuna kosa moja linalofanya ramani nyingi ziwe karatasi tu, nalo ni kuichora mara moja na kuifunga kabatini. Watu wanahama vyumba. Na anayewahamisha ni wewe mwenyewe, kwa kufanikiwa kwako. Kulielewa hili vizuri, tuangalie bidhaa ambayo kila mmoja wetu anaitumia kupokea hela za wateja: M-Pesa.

M-PESA KABLA HAIJAWA M-PESA

Wengi tunadhani M-Pesa ilianza kama huduma ya kutumiana hela. Hapana. Watu wa Vodafone, akina Nick Hughes na Susie Lonie, walikuja Kenya na wazo la kusaidia watu wenye mikopo midogo walipe marejesho kwa simu. Sehemu ya hela za kuanzia ilitoka serikali ya Uingereza. Jaribio lilianza Oktoba 2005, wakiwa na Safaricom, taasisi ya mikopo ya Faulu Kenya, na benki ya Commercial Bank of Africa. Lilikuwa dogo: maduka manane ya mawakala, wateja wasiofika 500, maeneo ya Nairobi mjini, Mathare na Thika.

Tuwapange kwenye vyumba kama walivyoonekana siku hiyo.

Faulu alikuwa chumba cha kwanza, nguvu kubwa na anaguswa sana. Wateja wote walikuwa wa kwake. Kwenye karatasi alionekana mshirika wa kufa na kuzikana. Lakini tuulize vizuri lile swali la kuguswa. Faulu alikopesha kwa vikundi. Wanakikundi wanakutana, wanalipa mbele ya wenzao, na asiyelipa wenzake wanambana. Mkutano ndio dhamana yenyewe. Sasa mtu akilipa kwa simu, aje mkutanoni kufanya nini? Halafu hesabu za M-Pesa hazikuunganishwa na kompyuta za Faulu, kwa hiyo wafanyakazi wake walikuwa wanahamisha taarifa kwa mkono. Bidhaa iliyoonekana inampunguzia kazi ikawa inamuongezea, na inalegeza kile kinachofanya mikopo yake irudi. Mwisho wa jaribio, mpango wa kubeba mikopo ya vikundi ukawekwa pembeni.

Somo la kwanza ni hilo. Mtu kuguswa sana siyo sawa na kuwa upande wako. Anaweza kuguswa vibaya huku anakuchekea.

Sasa angalia chumba cha wenye nguvu ndogo. Wale wateja, mmoja mmoja, hawakuwa na uwezo wa kumzuia yeyote. Lakini watu wa mradi walikaa wakaangalia wanafanya nini na simu zao. Wakakuta wanafanya mambo ambayo hayakupangwa. Wanatumiana hela kwa ndugu walio mbali. Wafanyabiashara wanalipana wao kwa wao. Wengine wanaweka hela asubuhi kabla ya safari, wanaitoa wakifika, ili wasiibiwe njiani. Ndipo bidhaa ikageuzwa. Ilipozinduliwa Machi 2007, haikutangazwa tena kama huduma ya marejesho ya mikopo. Ilitangazwa kwa ujumbe mmoja: tuma hela nyumbani.

Ukitazama ramani haraka, utawapa watu wa chumba hiki salamu tu na kupita. Hao ndio waliosema bidhaa inatakiwa iwe nini. Nguvu yao haikuwa ya kuzuia, ilikuwa ya kukuonesha njia.

MWENYE NGUVU ALIYELALA

Twende kwenye chumba cha wenye nguvu kubwa wasioguswa sana. Humo walikuwa wawili muhimu, na walishughulikiwa tofauti.

Wa kwanza ni Benki Kuu ya Kenya. Neno lake moja lingefunga kila kitu, maana kampuni ya simu inayoshika hela za watu inaanza kufanana na benki isiyo na leseni. Safaricom hawakusubiri waitwe. Walikwenda mapema, wakaeleza. Hela za wateja ziliwekwa kwenye akaunti ya udhamini benki, Safaricom haruhusiwi kuzikopesha wala kuzifanyia matumizi yake. Kabla ya uzinduzi wakapata barua ya Benki Kuu ya kutokuwa na pingamizi. Kumridhisha mwenye nguvu maana yake ni hiyo: unajua hofu yake ni nini, unaijibu kwa maandishi kabla hajaiuliza. Siyo bahasha.

Wa pili ni mabenki ya biashara. Mwaka 2007 hawakuguswa. M-Pesa ilibeba hela ndogondogo za kutumiana, ambazo mabenki hayakuzihangaikia. Kwa hiyo mabenki yalikuwa yamelala. Nguvu wanayo, wanajuana na wakubwa, lakini hamna cha kuwaamsha.

Mpaka kufika mwisho wa 2008, M-Pesa ilikuwa na wateja karibu milioni 5. Hapo kuguswa kwa mabenki kukapanda. Hela zinapita pembeni yao. Desemba 2008 aliyekuwa anakaimu uwaziri wa fedha, John Michuki, akatangaza M-Pesa ikaguliwe, na ilisemwa wazi kwamba nyuma yake kuna msukumo wa mabenki. Hakuna benki iliyokuwa imebadilisha nguvu zake. Kilichobadilika ni mafanikio ya M-Pesa, nayo ndiyo yaliyowahamisha mabenki kutoka chumba cha kuridhishwa kwenda chumba cha kukaa nao karibu.

Kilichoiokoa ni ile kazi ya chumba kilekile upande wa Benki Kuu. Januari 2009 serikali ilitoa kauli kwamba huduma imekaguliwa na ni halali. Akaunti ya udhamini ipo, barua ipo, Benki Kuu inaijua huduma tangu ikiwa mimba. Yule uliyemridhisha mapema ndiye anayekusemea siku aliyelala anaamka.

Na baadaye waliamka vizuri. Novemba 2012 Commercial Bank of Africa, ileile iliyokuwepo kwenye jaribio, ikatoa M-Shwari pamoja na Safaricom, huduma ya kuweka akiba na kukopa ndani ya M-Pesa. Benki ikapata njia ya kula kwenye meza ileile.

Neno moja la tahadhari. Hapa kwetu Vodacom waliileta M-Pesa Aprili 2008, bidhaa ileile, na ilianza polepole kuliko Kenya. Safaricom alikuwa ameshika sehemu kubwa sana ya wateja wa simu kule. Vodacom hapa alikuwa na washindani wenye nguvu. Wadau tofauti, ramani tofauti. Usinakili ramani ya mwenzako wa Arusha ukaileta Mashewa.

TURUDI KWA FUNDI

Nilipoelewa hili nilichukua daftari nikachora ramani ya zile taa, nikiwa nimeshachelewa. Nikuoneshe ilivyotoka.

Mtendaji wa kijiji nilimweka nguvu kubwa, haguswi sana. Anaweza kuuliza leseni yangu, na siku watu wakilalamika wametapeliwa wataenda kwake kwanza. Kumridhisha kwangu kulikuwa kitu rahisi: kumpelekea taa moja aione, nakala ya leseni, na karatasi ya masharti ya mafungu. Ziara moja ya nusu saa. Sikuwa nimeifanya.

Viongozi wa vikoba niliwaweka nguvu kubwa, wanaguswa sana. Mwanachama akidaiwa na mimi, fungu la kikoba linachelewa. Nilikuwa nimeongea nao kuhusu uzuri wa taa, sikuongea nao kuhusu siku ya kukusanya hela. Kumbe siku yangu ya kudai ilikuwa jana yake ya kikao chao. Nilikuwa nawanyang'anya 5,000 ya kikoba bila kujua.

Waume wa wale akina mama niliwaweka nguvu kubwa, hawaguswi sana, kwa sababu mara nyingi ile 10,000 ya kianzio inatoka kwao. Akina mama na watoto wanaosomea taa, nguvu ndogo, wanaguswa kuliko wote. Bodaboda wanaonipelekea mizigo, nguvu ndogo, wanaguswa kidogo.

Halafu fundi. Siku ya kwanza ningemweka wapi? Nguvu kubwa, maana kitu chochote chenye waya watu wanamuuliza yeye kabla ya kununua. Kuguswa, kidogo. Taa moja haimtikisi. Ndiyo maana hata mimi sikumuona.

Sasa fanya hesabu ya kufanikiwa. Nyumba moja isiyo na umeme ilikuwa inapeleka simu kwake kama mara tatu kwa wiki. Mara 300, ni 900. Taa 11 ni 9,900 kwa wiki inayomtoka mfukoni. Zikifika 20 ni 18,000 kwa wiki. Kila taa niliyouza ilimsogeza chumba. Alikuwa benki yangu ya Kenya, na mimi nilikuwa natamba na stetasi.

Nikaenda kwake. "Fundi, shikamoo." "Marahaba mwanangu, leo umenikumbuka?" Hapo nikajua anajua nilichofuata. Sikumlaumu. Nilimuwekea taa mezani nikamuomba aifungue. Akaifungua kwa dakika chache, akasema betri inabadilishika, ila yeye hakuwahi kuishika mkononi, alikuwa anazijua za aina nyingine zilizogandishwa gundi. Kwa hiyo hakuwa anadanganya, alikuwa anasema anachokijua, na hakuwa na sababu ya kutafuta zaidi.

Tukakubaliana hivi. Kila taa ikiuzwa anaijaribu mbele ya mteja na mimi nampa 1,500. Ikiharibika, inaletwa kwake na malipo ya ufundi ni yake. Siku ya kudai nikaihamishia siku mbili baada ya kikao cha vikoba. Na kwa mtendaji nikaenda na karatasi zangu, japo kwa kuchelewa.

Sitakudanganya kwamba zote ziliisha. Zilizobaki 9, niliuza 7 ndani ya miezi miwili. Kati ya wale wanne walioacha kulipa, watatu wakarudi. Mmoja alihama na taa yake, basi. Lakini lile swali la betri sikulisikia tena, na likija, fundi ndiye anayelijibu.

NAMNA YA KUICHORA YA KWAKO

Chukua bidhaa moja unayotaka kuileta, siyo duka zima. Andika majina ya watu, siyo makundi. Ukiandika "serikali ya kijiji" hujaandika kitu, maana mwenyekiti wa kijiji, mtendaji na mwenyekiti wa kitongoji wanakaa vyumba tofauti. Kila jina lipe nguvu moja mpaka tano, na kuguswa moja mpaka tano, kisha weka alama ya jumlisha kama anafaidika au kutoa kama anaumia.

Halafu igeuze karatasi, uchore tena ukijifanya umeshafanikiwa. Umeuza zote, watu wote wanayo. Nani sasa hela yake imepungua? Nani kazi yake imeongezeka? Linganisha karatasi mbili. Jina lolote lenye nguvu kubwa lililohama kutoka haguswi kwenda anaguswa kwa kutoa, hilo ndilo la kulitembelea wiki hii, kabla ya mzigo kufika. Mwambie unachokuja kufanya, muulize yeye kitamgusa vipi, na fikiria mapema kuna nafasi gani ya kweli kwake. Nafasi ikiwa haipo, bora ujue sasa, huenda unapunguza mzigo au unabadilisha eneo.

Ramani ni makadirio yako tu, na utakosea. Dalili za kuwa umekosea ni kama zile zangu: mauzo yanasimama ghafla wakati bei haijabadilika, swali moja linazunguka kwa maneno yaleyale, walionunua wanaanza kusitasita kulipa. Ukiziona, usikimbilie kushusha bei. Toa daftari uangalie nani amehama chumba.

Mimi mwezi ujao naleta mashine ndogo ya kusaga karanga na viungo. Karatasi ya kwanza nimeshachora. Ya pili imenionesha mama mmoja anayetwanga kwa kinu na kuuza gulioni. Kesho asubuhi naenda kumuona yeye kwanza, ndiyo niagize.